Sentimita Mbili za Mama Nukta

Mama Nukta hakuwahi kuona karatasi ya mtihani hata moja, lakini zilizopita chini ya vidole vyake zingeweza kujaza lori. Kazi yake katika ofisi ya mitihani ilikuwa kuhakiki karatasi za nukta nundu, maandishi ya wasioona. Yeye alisoma kwa vidole na kutamka kila neno, na mwenzake mwenye macho akafuatilia kwenye nakala ya kawaida, ili isije nukta moja ikakosekana na namba ikageuka nyingine.

Wenzake walimpenda kwa ulimi wake. Akiulizwa kwa nini ni mkali vile, alijibu, "Nilipokuwa darasa la mwisho, swali liliniambia 'tazama picha'. Nikamwita msimamizi. Akaniambia, 'Ruka.' Nikaruka, na nafasi ya sekondari ikaniruka. Nilikosa alama moja." Watu walicheka, naye alicheka nao. Mwaka uliofuata alirudia mtihani akapita, ila hilo neno "ruka" hakulisahau.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye korido akinywa chai pamoja na mkalimani wa lugha ya alama, aliyekuja kuchukua barua ya kumpeleka kituo chenye watahiniwa viziwi.

"Wamekupeleka shuleni kwako?" Mama Nukta aliuliza.

"Thubutu! Kwa wanafunzi wangu mwenyewe? Wananipeleka nisikomjua hata paka. Na semina yote ilikuwa onyo juu ya onyo. Tafsiri, usifafanue! Tuseme swali linauliza mraba una pande ngapi. Ishara yake naichora hewani hivi, moja, mbili, tatu, nne. Si nimeshamtajia jibu? Inabidi neno nilitaje herufi kwa herufi kwa vidole."

"Kumbe mikono yako ina umbea."

"Kuliko mdomo wa shangazi yangu!"

Mama Nukta alicheka, kisha kicheko kikakatika. Kama ishara inaweza kubeba jibu, je, karatasi iliyokuzwa haiwezi kuligeuza? Hakumweleza mkalimani, kwa kuwa ya chumba cha siri, mitihani inakoandaliwa, hayatoki chumbani. Akaweka kikombe chini, akashika fimbo yake, akapita kwa mlinzi anayehifadhi simu za watu, akaingia.

Ndani alimkuta Fotokopi, fundi wa mashine, akipiga mluzi. Ndiye aliyeandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu.

"Baba, zile za hesabu umezikuzaje?"

"Kitaalamu, mama! Nimechukua karatasi ya kawaida nikaikuza kwa asilimia arobaini kwenye karatasi kubwa. Kila kitu kimenenepa."

"Hata mstari wa swali la kumi na saba?"

"Hata huo. Umerefuka kama mimi."

"Wewe hufiki kwenye swichi ya taa. Chukua nakala yako na rula, upime."

Swali lilitaka mtahiniwa apime mstari na kuchagua jibu. Kwenye nukta nundu, Mama Nukta mwenyewe alikuwa ameupima kwa rula yenye alama za kupapasa: sentimita tano kamili. Mluzi ulikoma. Rula iligonga meza mara mbili.

"Saba," Fotokopi alisema kwa sauti ndogo.

"Nisomee majibu."

"A, nne. B, tano. C, sita. D..." Akaitazama tena rula. "D, saba."

"Basi mtoto atapima vizuri, atachagua saba, na atakosa."

Mkuu wa kitengo aliitwa. Akatazama saa, akatazama bahasha kumi na moja za maandishi makubwa zilizokwisha kupigwa lakiri. "Gari linaondoka saa sita. Nikifungua hizi, ni fomu, mashahidi na saini. Ni alama moja tu, mama."

"Mkuu, alama moja naijua. Nilisoma nayo darasa moja."

Mkuu alikuwa akiisikia hadithi ya "ruka" tangu aajiriwe, na siku zote alicheka. Leo hakucheka. Akavuta fomu.

Lakiri zikakatwa mbele ya mashahidi wawili. Fotokopi aliyaacha maandishi yalivyo makubwa, akauchora upya ule mstari kwa wino mnene, sentimita tano, akachapa ukurasa huo upya. Kila nakala ilipotoka aliipima kwa rula huku akinung'unika kama mtoto aliyeadhibiwa. Saa sita kasorobo bahasha zilikuwa zimefungwa tena.

"Mama, kweli mimi ni mfupi?" aliuliza.

"Njoo nikupime. Rula ninayo."

Jioni mume wake alimpokea mlangoni. "Leo mmefanya nini huko kwenu?"

"Nimepunguza sentimita mbili."

Mume alimtazama juu hadi chini, akasema kwa uangalifu, "Za kiuno?"

"Siri ya serikali," alijibu Mama Nukta, akamkabidhi fimbo akavua viatu.