Ufadhili Ukiisha

Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya mradi, kule Birongo, mama alitoa shukrani kanisani Sabato iyo hiyo. Aliwaambia waumini kwamba mtoto wake ameandikwa kazi. Miaka miwili baadaye ufadhili uliisha, pikipiki ya mradi ikachukuliwa, nami nikarudi nyumbani kuchuma majani chai. Waumini hawakuacha kuniita mtu wa mradi.

Kwa hiyo kwenye mahojiano ya Kenyenya, waliponiambia niulize swali, nilikuwa nalo moja tu. Mradi mwingine ulitaka afisa wa lishe wa kuzungukia zahanati kwa miezi kumi na minane. Niliuliza ufadhili ukiisha, nafasi hii itaenda wapi.

"Kaunti itaichukua," meneja wa mradi alijibu upesi.

Ahadi hiyo niliisikia Birongo hadi siku ya mwisho. Nikamgeukia afisa wa kaunti anayeshughulikia wafanyakazi, aliyeketi mwisho wa meza.

"Samahani madam, nafasi hii iko kwenye bajeti yenu?"

Aliitazama kalamu yake. "Bado."

"Kuna barua yoyote ya kaunti inayosema itaichukua?"

"Bado."

Nilimshukuru, maana ndiye pekee aliyenijibu ukweli. Kazi niliichukua, kwa sababu miezi kumi na minane nayo ni chakula.

Mama alifurahi mno. Akaniuliza kama tutatoa shukrani Sabato hii.

"Bado, mama," nilimwambia.