Uzito wa Pile Mbili

Kahongya wa mtaa wa Beu, mjini Beni, alikuwa na kazi moja tu aliyoijua vizuri, nayo ilikuwa kukausha samaki. Waendesha baiskeli walipofika kutoka ziwani wakiwa na mizigo ya tilapia, wamecheleweshwa kwenye vizuizi vya askari mpaka macho ya samaki yameanza kufifia, wanawake wengine sokoni walikunja pua. Yeye alichukua. Aliparua magamba, akapasua kila samaki mgongoni, akatoa matumbo, akaosha kwa maji ya chumvi, kisha akawapanga juu ya kichanja cha matete, ngozi chini, nyama juu. Asubuhi aliwageuza, mchana akawageuza tena, na mvua ikinukia kuja alikimbia nao ndani kabla hajajikinga mwenyewe. Siku ya nne samaki aligonga kama kipande cha ubao. Beseni nne za samaki wabichi zilimpa beseni moja ya wakavu. Hilo hakufundishwa na mtu. Shule hakuwahi kuikanyaga. Mikono yake ndiyo ilimwambia.

Mumewe, Muyisa, alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Walikaa pamoja Butembo, kule Kimemi, miaka kumi na mmoja, na Mungu hakuwapa mtoto. Mwaka wa kumi na mbili Muyisa alikwenda Mambasa kutafuta dhahabu, akampata Kasika, msichana aliyekuwa hajafikisha miaka ishirini. Hakurudi kuaga. Alituma mtu aje kuchukua redio na kitanda. Mizani ndogo ya dhahabu tu ndiyo iliyobaki, yenye visahani viwili vya shaba, kwa sababu Kahongya alikuwa ameificha ndani ya chungu. Alihamia Beni nayo. Hakuwa na dhahabu ya kupima, lakini aliona vibaya Muyisa apate kila kitu.

Vita vilipofika Mambasa, Kasika alikimbia na mtoto mgongoni. Yeye mwenyewe hakufika. Homa ilimmaliza njiani, na shangazi yake aliyekuwa akikimbia naye ndiye aliyegonga mlango wa Kahongya asubuhi moja, akiwa ameshika mkono wa msichana wa miaka minne.

"Baba yake haijulikane kama iko muzima," shangazi alisema. "Miye niko na batoto sita. Huyu, jina yake ni Joyeuse. Weye ni mama yake mukubwa, sheria iko vile."

"Sheria gani?" Kahongya aliuliza. "Ile iliachaka miye na chungu?"

Lakini alikuwa tayari ameiona miguu ya mtoto. Ilikuwa imevimba, inang'aa kama mkate uliopakwa mafuta. Nywele zilikuwa nyekundu nyekundu, nyepesi. Uso ulikuwa mnene, na hapakuwa na furaha hata ya kujaza kijiko, ingawa jina lake kwa Kifaransa lilimaanisha mwenye furaha. Kahongya alimbeba siku ile ile mpaka kituo cha lishe cha parokia.

Walimlaza majuma matatu wakimnywesha maziwa kidogo kidogo. Alipoanza kuomba chakula mwenyewe, na uvimbe umeshuka kwa nusu, wakamtoa, maana kila asubuhi walifika wengine wa kulazwa. Muuguzi wa pale, Phinées, alimkalisha Kahongya kwenye benchi.

"Mama Kahongya, sasa ni weye utamumaliza. Bouillie, uji ya mahindi na maharagi, mafuta ya ngazi, ile ya mawese, kidogo, na samaki kila siku. Samaki ndiyo itajenga mwili. Kama mwili haina kitu ya kujenga, maji inabakia mu miguu. Uko na mizani?"

"Niko nayo. Ya dhahabu."

Phinées alicheka. "Basi mutoto atakula kama dhahabu. Unaona hizi pile mbili ndogo za redio? Uzito yao ndiyo samaki yake ya siku moja. Hapana pungusha." Akamwekea zile betri mbili kuukuu kiganjani. "Na kila siku ya ine ya juma unamuleta hapa, tunamupima."

Kahongya alizifunga kwenye pindo la kitambaa chake kama mtu aliyepewa sakramenti.

Angeanza na samaki wake mkavu palepale, na habari ingekuwa imekwisha. Ila ng'ambo ya ua aliishi Tamar, mke wa shemasi, mwanamke ambaye mdomo wake ulifika kila mahali kabla ya miguu yake.

"Yaya, ni wa Kasika huyu?" Tamar aliuliza, akimwita dada kama kawaida yake, akiegemea ukuta wa matete. "Ee, Mungu anapima batu! Sasa utamulisha ile samaki kikavu ya muchanga? Batu batasema unalipisha mutoto kosa ya mama."

"Batu ni weye?"

"Miye nasema tu kile batasema."

Neno hilo lilimchoma Kahongya mahali palipokuwa na kidonda cha zamani. Beni nzima ilijua samaki mkavu ni chakula cha wasio na kitu, na samaki mbichi ni cha wageni na wakubwa. Akaapa hakuna mdomo utakaopata la kusema juu yake. Kila asubuhi baiskeli zilipofika, alichagua tilapia mmoja mbichi kuliko wote, mwenye matamvua mekundu, akakata kipande chake cha nyama nyeupe, akakiweka kwenye kisahani cha shaba na zile betri kwenye cha pili. Visahani viliposimama sawa, alikipika kipande kile kwa nyanya na kumtolea mtoto miiba kwa vidole vyake. Waliosalia katika mzigo walikwenda kichanjani, wakawasubiri maskini.

Mtoto alikula. Hakuacha hata punje. Alikaa karibu na kichanja akifukuza inzi kwa tawi, na wakati mwingine Kahongya alijikuta anamwimbia wimbo ambao alikuwa ameuandaa kwa watoto wake mwenyewe, kisha anakasirika na kunyamaza.

Siku ya kwanza ya kupimwa, uzito wa mtoto ulikuwa umepanda. Kahongya alitembea kurudi nyumbani kichwa juu, akapita mlangoni kwa Tamar bila kuwa na njia ya huko. Juma la pili uzito ulipanda tena. Lakini Phinées hakutabasamu. Alipiga magoti, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akahesabu kimya kimya, akaondoa. Shimo la kidole lilibaki pale kama kwenye ugali wa moto.

"Iko anazidi kilo, muganga," Kahongya alisema.

"Ni maji, mama. Maji iko na kilo pia." Aliinuka polepole. "Samaki unamupa kweli?"

"Kila siku. Pile mbili, kama ulisema. Na Bikira Maria anaona."

Phinées alimtazama mwanamke huyu ambaye nguo zake zilinuka samaki mkavu, akaamini, wala hakuuliza zaidi. "Sielewe basi. Siku ya ine ijayo, kama haijashuka, tunamulaza tena. Lakini batoto benye banarudia kuvimba, mama... sitakudanganya. Mingi habatoke bazima."

Nyumbani Kahongya hakugeuza samaki mchana ule. Alimkalisha Joyeuse mapajani, akamshika miguu yote miwili, akaikanda kuelekea juu, kana kwamba maji yale yangeweza kusukumwa yakatoka. Alikuwa amemchukia mama wa miguu hii miaka yote. Sasa aliogopa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa.

Kesho yake baiskeli hazikufika. Kizuizini kulikuwa na risasi, watu walisema, na mizigo imerudishwa ziwani. Soko zima halikuwa na hata mkia wa samaki mbichi. Kahongya aliona aibu, lakini mtoto angekula nini? Alichukua tilapia mmoja mkavu kutoka kichanjani, akaondoa mifupa mikubwa, akavunja kipande cha vidole viwili kama alivyozoea, akakiweka kwenye kisahani.

Kisahani hakikutingishika. Betri zilibaki chini.

Akaongeza kipande. Akaongeza kingine. Alipofika nusu ya samaki visahani vilikuwa bado havijalingana. Ilibidi avunje mpaka karibu na mkia.

Akasimama pale na mkia mkononi. Jana, pile mbili zilikuwa vidole viwili vya nyama. Leo, pile mbili ni zaidi ya nusu ya samaki. Na samaki ni wale wale, wa ziwa lile lile, wa baiskeli zile zile. Huyu alilala juani siku nne, basi.

"Beseni ine kwa moya," alisema kwa sauti. "Mungu wangu. Nilikuwa napima maji!"

Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua nusu ile ya samaki na mizani yake, akaenda kituoni mbio bila kungoja siku ya kupima. Alimkuta Phinées akipakua unga, akapanga vitu vyote mbele yake mezani bila salamu.

"Muganga, pile mbili za nani? Za mubichi ao za kikavu?"

Phinées alitazama samaki, akatazama mizani, akaweka kikombe chini. "Mama, ulikuwa unamupa mubichi?"

"Mubichi ya kwanza kabisa!"

"Ee, Yezu. Ni kosa yangu." Alijipiga paji la uso. "Mama anakausha samaki, nikajisemea atatoa ya kwake. Sikusema 'kikavu'. Sikiya. Mu gramu mia ya samaki mubichi, protini, ile kitu inajenga mwili, ni gramu kumi na munane hivi. Ingine karibu yote ni maji. Mu gramu mia ya kikavu, inapita makumi sita."

"Basi jua inaongeza?"

"Jua haiongeze hata kidogo. Samaki yako moya, mubichi ao kikavu, iko na nguvu ile ile. Jua inatoa maji tu. Lakini weye ulipima kilo, na kilo ilikuwa maji. Ungetaka mubichi, ungeweka pile saba. Na mahindi iko vile vile: gramu mia ya mahindi mabichi ya kuchoma haifike hata nusu ya ile ya kukauka."

Kahongya alianza kuvikusanya vitu vyake mezani. Kisha akasema, "Ile kitu mikono yangu inajua tangu miaka makumi mbili. Nimeinyima mutoto juu ya mudomo ya Tamar."

"Hapana jipige, mama. Enda umupikie."

Tangu siku ile alisaga samaki mkavu kwenye kinu mpaka akawa unga laini, akapima pile mbili kamili, nusu kwenye uji wa asubuhi na nusu kwenye maharagi ya jioni. Unga ulivimba ndani ya sufuria, ukanywa maji yake tena, na Kahongya akauachia unywe. Kilichotakiwa kilikuwa tayari mle ndani. Tamar alichungulia juu ya ukuta.

"Yaya, umerudia mu kikavu?"

"Nimerudia. Enda utangaze kanisani, usisahau na ya Bacatholique."

Siku ya kupima, mshale ulisimama chini ya pale uliposimama juma lililopita. Mwanamke mmoja kwenye foleni alinong'ona kwamba mtoto anakonda. Kahongya hakugeuka. Alikuwa akikitazama kidole gumba cha Phinées. Kilibonyeza mguu, kikahesabu, kikaondoka. Shimo lilikuwapo, dogo, likajaa na kupotea. Juma lililofuata, halikuwapo kabisa, na mtoto alikuwa mwembamba kama ufito na anauliza kama kuna ndizi.

"Sasa hii ni kilo yake mwenyewe," Phinées alisema. "Kuanzia hapa, ikipanda, ufurahi."

Katika furushi alilokuja nalo Joyeuse kulikuwa na viatu vyekundu vya ngozi ambavyo Kasika alimnunulia kabla ya vita. Tangu afike havikuwa vimeingia mguuni. Kahongya alikuwa amevisukuma chini ya kitanda asivione. Asubuhi ile alivitoa, akavipangusa vumbi kwa pindo la kitenge chake, akapiga magoti. Mguu uliingia. Ukanda ulifika tundu la mwisho, ukalegea bado.

"Mama yako alichagua muzuri," alisema, na akashangaa kwamba neno lile limetoka kinywani mwake.

Alichukua msumari, akatoboa tundu jipya.