Barua ya Bwana Mahmoud kwa Mkono wa Sihaba

Sihaba ni katibu muhtasi wa shirika moja la wakulima wa mwani, hapa Bagamoyo. Kwao ni Kerege. Mimi namwagilia maua chini ya dirisha lake, na maua hayana haraka, basi nasikia mengi.

Alhamisi ile mkurugenzi, Bwana Mahmoud, alikuwa na wageni wafadhili tangu asubuhi. Akachungulia mara moja.

"Sihaba, mwandikie mwenyekiti wa bodi. Likizo ya dharura, wiki moja kuanzia kesho. Jasmin mhasibu atakaimu. Sababu weka ya kifamilia, basi."

Mlango ukafungwa. Sihaba alijua mama yake Mahmoud anapasuliwa Dar kesho yake. Lakini hakuambiwa aliseme hilo, na bila idhini ya mwenyekiti, Mahmoud haondoki.

Akaandika, akanisomea dirishani: "Nimeelekezwa na Mkurugenzi nikujulishe kuwa anaomba likizo ya dharura..."

"Mbona kama unamsema mtu hayupo?" nikauliza.

"Ndivyo, Babu. Maneno yake, mkono wangu. Nikiandika 'naomba' halafu nisaini mimi, likizo si itakuwa yangu?"

Sikuelewa vizuri. Nikaipeleka kwa mwenyekiti, Mzee Haidar, kule mji mkongwe. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Mahmoud kashindwa kushika kalamu?"

"Yuko na wageni, Mzee."

Akampigia simu. Imezimwa. Akanitazama kama mtu anayefichwa jambo. Kwa wazee wa kule, anayesemewa ni mgonjwa wa kitandani, au keshatangulia. Nami nikaanza kutia shaka. Kweli, tangu asubuhi sikumwona Mahmoud ila kichwa tu mlangoni.

Alasiri Mzee Haidar akafika ofisini na mkewe, Bi Adila, amebeba chupa ya uji.

"Amelazwa wapi?" akamuuliza Sihaba.

"Nani, Mzee?"

"Mwenye barua."

Sihaba akanitazama. Nikatazama ndoo yangu. Hapo Mahmoud akatoka na wageni wake, wanacheka.

"Shikamoo, Mzee. Kuna mgonjwa?"

"Marahaba. Wewe."

"Mimi?"

"Umeandikiwa kama marehemu, unaniuliza mimi?"

"Mzee, mimi nimeandika kama utaratibu ulivyo," Sihaba akasema. "Ameniagiza."

"Kweli nimemwagiza," Mahmoud akasema.

"Basi hiyo dharura ya familia ni ya nani?"

Mahmoud akaangalia wageni, akaangalia chini. "Ni ya mama. Anapasuliwa kesho."

Mzee Haidar akakaa kwenye kiti cha Sihaba, akaomba kalamu. Pembeni mwa barua akaandika "Imeidhinishwa", akatia saini.

"Jasmin akaimu," akasema. "Na mama yako tungemwombea tangu asubuhi, kama ungesema."

Bi Adila akamkabidhi Mahmoud chupa ya uji. Mahmoud akaondoka nayo kwenda Dar kabla ya Magharibi, wageni wakiulizana kimombo nani anaumwa.