Waliotazama Mpaka Mwisho

Mwaka ule kazi yangu pale Mtwara mjini ilikuwa kujua nani ametazama video na ameishia wapi. Duka letu liliuza mashine za kubeba mgongoni, zile za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na bosi alikuwa amechoka na matangazo ya redio ambayo hayamwambii chochote. Alitaka wateja wenyewe waseme. Tukawa tunakwenda mashambani na kamera, mkulima anaeleza alivyohangaika na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, alivyonunua mashine, na maua yake yalivyo sasa. Kisha tunawatumia wakulima wengine.

Kila namba ya simu ilipata linki yake peke yake, kwa hiyo mtu akifungua nilimwona. Mtambo ulinionyesha kama ametazama robo, nusu, robo tatu au yote, na aliyeruka mbele hakuhesabiwa kuwa amemaliza. Pembeni ya namba ile niliweka alama mbili: ya kwanza kama baadaye alipiga simu kuuliza, ya pili kama alinunua. Bosi alichora faneli ubaoni. Juu ni wote waliotumiwa, katikati waliotazama na kuuliza, chini kabisa walionunua. Fomu ile niliibuni mimi, na nilijivuna nayo kupita kiasi. Binti wa mapokezi alikuwa akiweka vema tu kwenye kisanduku cha "ameuliza", basi. Hapakuwa na mahali pa kuandika ameuliza nini.

Nilijua udhaifu wa hesabu ile na niliusema. Mtu anaweza kuishia katikati kwa sababu bando limekwisha, si kwa sababu amechoka. Simu moja inaweza kuwa ya nyumba nzima. Na aliyemaliza video huenda alishaamua kununua kabla hata ya kuifungua, kwa hiyo usikimbilie kusema video ndiyo iliyomvuta. Bosi alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza ipi inamalizwa zaidi.

Ilikuwa ya mama yangu mdogo.

Mama mdogo ana shamba kijiji kimoja upande wa kwenda Msimbati, na mashine alinunua kwa sababu yangu. Kumpiga picha nako nilimshawishi mimi. Alikataa mara mbili. Alisema ukishasema jambo mbele ya watu limekuwa lako, hulirudishi, na yeye mashine ile alikuwa ameitumia siku chache tu. Nikamwambia aseme hicho hicho alichokiona katika siku hizo chache. Nikambembeleza, nikamtania kwamba atakuwa maarufu kuliko mwenyekiti wa kijiji. Akacheka, akavaa kanga yake nzuri ya rangi ya machungwa, akasema.

Alisema vizuri mno. Ana sauti ya mtu asiyedanganya, kwa sababu hadanganyi. Kisha, sekunde arobaini za mwisho, aliibeba mashine, mtoto wa shangazi yangu akamwashia, naye akaingia katikati ya mikorosho huku kamera ikimfuata kwa nyuma. Alfajiri ilikuwa imetulia, kama inavyotakiwa kwa salfa ya unga. Wingu la manjano likapanda kwenye matawi na yeye akazidi kuwa mdogo. Chini ya kiuno kanga ilikuwa imelowa upande mmoja. Nilipenda sana lile doa. Nililiona jasho la mchapakazi, nikamwambia mpiga picha asilikate.

Video nyingine watu walizitazama hadi nusu wakaondoka. Hii waliitazama yote, wengine mara mbili, na waliomaliza walikuwa wakipiga simu siku hiyo hiyo. Vema zilijaa kwenye safu ya kuuliza. Bosi alinunua soda kwa ofisi nzima na akaamuru itumwe vijiji vingine kabla msimu wa maua haujapita. Mimi nilimpigia mama mdogo kumpa habari njema. Akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu," kwa sauti ya chini, akakata. Mtu huyu alizoea kunipigia kila Ijumaa baada ya sala na kunieleza mpaka kuku wa jirani wametaga wapi. Ijumaa mbili zikapita bila simu yake. Nikajisemea ni shughuli za salfa.

Kilichonisumbua kwanza kilikuwa safu ya mwisho. Waliomaliza video wakauliza, hakuna hata mmoja aliyenunua. Walionunua walikuwa wanne, na wote wanne waliishia katikati, wakati mama mdogo bado ameketi kwenye mkeka anazungumza. Nilifuta mpangilio ule nikaupanga upya, nikidhani nimechanganya namba. Haukubadilika. Bosi akasema mkulima huwa anangoja mpaka akaribie kuishiwa muda, nisiwe na haraka. 

Nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikawapigia waliouliza, mmoja mmoja, niwaulize walikuwa wameuliza nini. Wa kwanza hakukumbuka. Wa pili alikuwa mwanamume anayepuliza mashamba ya watu kwa kibarua, huko nyuma ya Naliendele, na miaka yote amekuwa na mashine mgongoni.

"Dada, mimi nilimwambia yule binti wenu," alisema. "Nilimuuliza yule mama ni mzima?"

"Kwa nini asiwe mzima?"

"Petroli inamwagika. Huoni? Inateremka kwenye makalio, upande wa tangi."

Nikasema lile ni jasho.

"Jasho la wapi alfajiri ile? Na jasho gani la upande mmoja? Nimetazama mpaka mwisho nione kama kuna mtu atamwambia azime. Video ikaisha anaendelea kwenda. Salfa ile ikipata cheche inawaka, dada. Nimeirudia nikiwa na mke wangu, naye kaona."

Niliwapigia wengine sita. Watatu waliniambia jambo lile lile kwa maneno yao. Mmoja alikuwa amepiga mara tatu, na mara zote tatu alipewa bei.

Nikampigia mama mdogo, nikiwa nimesimama. Simu ilipokelewa na binti yake. Mama amelala, alisema. Saa nne asubuhi, mama mdogo amelala? Nikauliza mashine inavuja? Nikasikia kama mtu anamnong'oneza. "Mashine haina shida, dada," akasema. "Mama anasema haina shida kabisa."

Nilitaka sana kuamini, kwa hiyo niliamini. Nalisema bila kujitetea. Nikaenda kwa bosi nikamweleza, naye si mtu mbaya, alikunja uso, akauliza kama mwenye mashine amelalamika. Nikasema hapana, amesema haina shida. "Basi watu wanaona doa wanaogopa bure," akasema. "Kata hizo sekunde arobaini. Iishie anapocheka." Nikarudi mezani nikazikata. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Wepesi huo ndio unaonichukiza mpaka leo.

Video fupi ikafanya kazi. Sasa waliomaliza ndio walionunua, kama vitabu vinavyotaka. Katika siku tatu wakaongezeka wanunuzi watano, na safu zangu zikanyooka juu mpaka chini. Bosi akanipongeza mbele ya wenzangu. Kila nilipoangalia jina jipya kwenye orodha nilisikia baridi, kisha nikaweka alama yake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyokuwepo. Waliokuwa wakipiga kuuliza kama yule mama ni mzima hawakupiga tena. Hawakuwa na cha kuona.

Ijumaa ilipofika sikungoja simu. Nilichukua bodaboda baada ya sala, tukapita njia ya mchanga mpaka kijijini. Kufika uani nikaona kanga ya machungwa kwenye kamba. Ilikuwa nusu. Ukingo wa chini ulikuwa mweusi na umekunjamana, na mtu alikuwa ameifua hivyo hivyo.

Nikapiga hodi. Binti yake alitoka, akanitazama, akaanza kulia kabla sijauliza.

Mama mdogo alikuwa amelala kifudifudi juu ya godoro chini, kichwa ameelekeza dirishani. Mgongo, kuanzia kiunoni kuteremka, ulifunikwa kwa kitambaa cheupe cha zahanati, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mpaka vidoleni. Chumba kilinuka dawa.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba. Umekuja na jua lote hili?"

Nikapiga magoti kando yake. Alinieleza mwenyewe, taratibu, akipumzika katikati. Ilikuwa wiki tatu nyuma, siku chache tu baada ya sisi kuondoka na kamera yetu. Mashine ilizima, akavuta kamba kuiwasha tena, akasikia joto ambalo si la jua. Mikanda ilichelewa kufunguka. Waliokuwa shamba la pili ndio waliomzima kwa mchanga. Mashine iliungulia pale pale na mkorosho mmoja.

"Kwa nini hukuniambia? Nilipiga! Nimeuliza!" Nilikuwa nampigia kelele mgonjwa, na nilijua, na sikuweza kunyamaza.

"Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu," alisema. "Nimesema ni nzuri. Halafu ukanipigia umefurahi vile, kazini wanakusifu. Nikasema nikipona nitajua la kufanya. Nitakuaibishaje, mwanangu?"

Hakuwa ananilaumu, na hapo ndipo nilipoumia. Nilimwambia kila kitu. Nikamweleza doa, na yule kibarua wa Naliendele aliyetazama mpaka mwisho, na mimi nilivyoukata mwisho wenyewe. Alisikiliza bila kugeuza kichwa. Nje kuku walikuwa wanapekua majani makavu.

Kisha akauliza, "Wangapi wamenunua kwa maneno yangu?"

Watu wengi wanaouza vitu hawawezi kujibu swali hilo. Mimi niliweza. Nilikuwa nimelipwa mwaka mzima ili niweze.

"Tisa," nikasema.

"Namba zao unazo?"

"Ninazo."

"Nishike niamke."

"Mamdogo, usiamke. Nitawapigia mimi, leo hii, wote, wasiziwashe tena."

"Wewe hawakukuona," alisema. "Waliniona mimi."

Binti yake akaja upande mmoja, mimi upande mwingine, tukamwinua mpaka akakaa kwa paja moja, meno ameyauma. Jasho lilimtoka usoni, jasho la kweli sasa. Alishika simu yangu kwa mkono wa kushoto. Nikabonyeza namba ya kwanza kwenye orodha, ya mtu aliyenunua Jumatano, nikaweka sauti ya nje.

Yule mtu alipokea. Mama mdogo akamsalimu, na kabla hajafika popote yule mtu akamtambua kwa sauti, akaita watu wa nyumbani kwake waje wasikie, akaanza kumshukuru.