Bei ya Jumatatu

Barua ile niliiandika kwa kujivuna. Mteja wangu alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale Nyarugusu, mzee wa heshima, na alitaka dashibodi yake mwenyewe: skrini ukutani ioneshe bei ya gramu kwa shilingi, ili wauzaji waache kubishana naye.

Nikamweleza kila kitu. Dashibodi inachukua bei ya dunia ya wakia na bei ya dola, inazidisha, inagawa kwa gramu, inakata faida ya mzee, basi. Haipimi usafi wa dhahabu. Haitabiri kesho. Gharama hazikomi siku ya kukabidhiwa: kila mwezi kuna seva, kuna huduma inayotuletea bei, kuna bando. Na mtandao ukikatika, skrini itabaki na bei ya mwisho, ila chini yake patatokea maandishi mekundu yanayosema ni ya lini.

Alinipigia akaniuliza kifungu hicho cha mwisho mara mbili. Nikafurahi, nikasema huyu ndiye mteja anayesoma.

Alhamisi moja nilipita kumsalimia. Skrini ilikuwa inawaka vizuri, lakini bei yake ilinishangaza, maana dhahabu ilikuwa imepanda wiki nzima. Chini ya tarakimu palikuwa na utepe mweusi, ule wa mafundi umeme. Nikaubandua. Nyekundu: bei ya Jumatatu. Waya wa ruta ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri juu ya kabati.

Kumbe bei ikishuka, anachomeka. Ikipanda, anachomoa. Hata wizi una aibu yake, ila huu ulikaa umepigwa pasi.

Mbele ya mzani alikaa mama mmoja anayeosha marudio, ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa na wenye nguvu. Alikuwa na kitonge chake cha dhahabu kwenye kipande cha gazeti. Nikamsomea bei ya leo kutoka kwenye simu yangu. Akanitazama.

"Ng'wanawane," akasema, kwa sauti ya kumwita mwanawe, "na ile niliyouza jana?"

Mzee ndiye aliyejibu. Hakukasirika hata kidogo. Alitoa barua yangu kwenye droo, akaniwekea kidole kwenye kifungu. Mtandao ukikatika, bei si ya leo. "Wewe ndiye uliyeandika," akasema, "na mimi sijamficha mtu ruta yangu."

Nikamwambia achomeke waya, amlipe huyu mama bei ya leo.

"Mlipe wewe," akasema. "Una mzani?"

Yule mama alikunja gazeti lake, akasimama, akaenda mpaka mlangoni. Nje alikuwa amekaa mwenye karasha, ile mashine ya kusaga, aliyemsagia marudio yake kwa mkopo, anasubiri deni lake. Wakatazamana. Mama akarudi, akafungua gazeti, akakiweka kitonge kwenye mzani.