Mstari wa Sahihi ya Pili

Fundi cherehani aliianza barua ya kwenda benki kwa salamu za mistari minne, kisha akaikunjakunja na kuitupa. Ni kama alimsikia marehemu mumewe, karani wa zamani, akifoka: "Mke wangu, benki haikuuliza kama watoto hawajambo! Sema umekwama wapi, unaweza kulipa nini, tangu lini mpaka lini."

Enzi hizo yeye alisema, mumewe akaandika, wakabishana mpaka chai ikapoa.

Safari hii aliandika peke yake, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umevunjika na kufungwa plasta. Alitaja namba ya mkopo. Akaomba kwa miezi mitatu alipe riba tu, na marejesho ya deni lenyewe yasogezwe mbele. Akaambatisha cheti cha daktari na oda ya sare za shule inayomsubiri apone.

Afisa mikopo aliisoma yote. "Mama, umefanya vizuri kuja kabla hujachelewesha rejesho. Kamati ndiyo itakayoamua. Ila ujue, kwa jumla riba itaongezeka."

"Najua, mwanangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Afisa akaonyesha chini ya sahihi ya fundi, palipokuwa na mstari mwingine mtupu. "Na hapa anasaini nani?"

Fundi akatazama. Miaka ishirini walisaini wawili, yeye na mumewe. Alikuwa ameuchora mstari huo bila kujua.

"Hapo gonga muhuri wa kupokea," akasema polepole. "Pasibaki patupu."