Shilingi Kumi na Nane za Balbu

Nilikuwa fundi wa nguo kule Gatina, Nairobi, na hakuna kitu kilichonikera kama mteja anayeshika rinda nililokesha nalo na kusema, "Kwani uzi ni pesa ngapi?" Nilikuwa nawajibu vibaya hao. Kwa hivyo aibu yangu ni kubwa zaidi ninapoeleza vile nilivyomkata bei mpiga picha wa harusi ya mdogo wangu wa kike.

Alikuwa mtu wa makamo aliyeishi Kibera. Alikuja kwa miguu hadi chumba changu, akakaa kwenye stuli, akaandika hesabu yake kwenye karatasi ya daftari. Filamu mbili, kila moja picha kumi na mbili, shilingi kumi na sita. Kusafisha na kuchapa picha zote ishirini na nne, sabini na mbili. Balbu za flashi dazeni moja, kumi na nane. Kamera, kumi na nne. Yeye mwenyewe, sitini. Jumla, mia moja na themanini.

Nilicheka. Harusi ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, balbu za nini? Nikazipiga mstari. Na kamera si ilikuwa yake, tayari ameshainunua? Nikaipiga mstari pia. Halafu nikafika kwenye ile sitini, nikamuuliza kama kubonyeza kunachosha sana.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba siku ya harusi ni moja tu kati ya siku zake za kazi hiyo. Kuna siku ya kukaa kwenye chumba cha giza, ambacho anakodi kwa saa kwenye studio moja mjini. Kuna siku ya kuleta picha, na akimkosa mwenye picha anarudi tena. Kamera nayo inakula pesa, kwa sababu ile ngozi yake ya mbele, ya mikunjo inayoshika lenzi, ilikuwa imepasuka mara mbili, na kama ingepasuka tena angekaa mwezi mzima bila kazi. Kuhusu balbu alisema kila moja inawaka mara moja tu, halafu inatupwa.

"Ndiyo maana sizitaki," nikamwambia. "Nitanunuaje kitu cha kutupwa?"

Tukaishia mia moja na kumi, nikampa amana ya kununulia filamu. Alikunja karatasi yake akasema, "Sawa dada, lakini bila balbu napiga penye mwanga tu." Nikasema sawa. Jioni hiyo nilijisifu kwa baba kwamba nimeokoa sabini.

Baba alikuwa akiishi nami tangu kifua kimshike. Tulimtoa nyumbani, magharibi, tukidhani Nairobi ina dawa zaidi. Hakuwahi kupigwa picha maishani isipokuwa ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu, na hata hiyo ilikuwa imeingia maji. Mpango wetu ulikuwa apelekwe kanisani kwa gari la jirani, asimame na bibi harusi mlangoni, apigwe picha pale. Mdogo wangu alikuwa akiitaka picha hiyo kuliko keki.

Asubuhi ya harusi baba hakuinuka. Alijaribu, akakaa kitandani na suruali yake mpya mguu mmoja, akanitazama, akalala tena. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza. Hapo ndipo woga uliniingia, na haukutoka siku nzima. Nilimwacha na mama jirani, nikaenda kanisani, lakini sikusikia neno la mahubiri.

Nilimkuta mpiga picha uani akipanga watu. Nikamwambia, "Bwana, weka picha tatu za nyumbani, za baba. Tafadhali." Akaitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo nikawa nahesabu kila akibonyeza. Kamati ya harusi ikataka yake. Wajomba wakataka yao, halafu shangazi wakasema wajomba wamependelewa. Mwenyekiti wa kamati alipotaka picha ya pili, peke yake, nilimvuta koti mbele ya watu. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepatwa na wazimu, na hakukosea sana.

Ishirini na moja. Zikabaki tatu. Na ndipo mawingu yakafunga.

Tulipofika Gatina mvua ilikuwa inapiga mabati hata huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Mdogo wangu alikaa kitandani kando ya baba, nguo yake nyeupe imechafuka matope pindoni, akamshika mkono. Baba alitabasamu. Mpiga picha alisimama mlangoni, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Hapa panataka flashi," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Nilimuuliza kama hana hata moja mfukoni, hata ya zamani. Hakuwa nayo; alikuwa amenunua kile tulichokubaliana. Nilikimbia kwenye mvua hadi madukani. Nilipata sabuni, nilipata betri, nilipata unga, lakini balbu za kamera zilikuwa zinauzwa mjini, na Jumamosi saa hiyo maduka ya mjini yalikuwa yameshafungwa. Nilirudi nimelowa, nikiogopa hata kufungua mlango.

Alikuwa amesogeza kitanda karibu na dirisha, amekusanya taa tatu za mafuta za majirani, na kuweka kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Alituambia ataacha kamera wazi sekunde nzima ili ikusanye mwanga, kwa hivyo mtu asitikisike. "Mzee, vuta pumzi, halafu ishikilie kidogo tu."

Baba akavuta. Nilisali Mungu azuie kikohozi sekunde moja tu, jambo dogo hivyo. Kikaja. Ya pili baba alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na nilitaka kusema basi, mwacheni, lakini sikusema. Ya tatu sikuangalia. Nilisikia tu kamera ikifunga.

Tulimzika baba nyumbani siku ya kumi na moja baada ya harusi. Niliporudi Nairobi nilimkuta mpiga picha mlangoni pangu na bahasha. Jirani aliniambia ni mara yake ya tatu kuja.

Za kanisani zilikuwa safi sana, hata vifungo vya mwenyekiti ungevihesabu. Nilizipita haraka. Zile tatu za mwisho alikuwa ameziweka chini. Mdogo wangu ametoka vizuri. Taa zimetoka. Blanketi limetoka, na kiraka nilichokishona mimi, uzi kwa uzi. Juu ya shati la baba, pale uso ulipopaswa kuwa, kulikuwa na kitu cheupe kilichotikisika, hakina macho. Zote tatu.

"Nilijaribu kuchapa kwa njia zote," alisema. "Samahani, dada."

Niliingia ndani nikatoa akiba yangu ya cherehani. Nikamwambia anipe ile hesabu yake ya kwanza. Nilimlipa siku zake zote, nikamlipa kamera, nikaweka mkononi mwake mia na themanini kamili, kasoro ile amana aliyokwisha kupokea. Alizihesabu taratibu. Kisha akatenga noti na sarafu, akanirudishia.

"Hizi ni za balbu," akasema. "Siwezi kuzichukua. Sikuwasha hata moja."

Nilisimama pale mlangoni na zile shilingi kumi na nane mkononi, nikilia, na yeye akashika njia ya kurudi Kibera.